Kubaini Urundikaji wa Maneno Muhimu na Maandishi Meupe Yaliyofichwa katika Wasifu wa Waombaji Kazi, na Athari Zake Mbele ya Wasomaji Binadamu

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kubaini hila mbili zinazotumiwa na baadhi ya waombaji kazi katika wasifu wanaoutuma kwa njia ya kielektroniki: kurundika maneno muhimu ya tangazo la kazi, na kuyaficha maneno hayo kwa rangi nyeupe. Mfano mmoja uliotungwa, wa wasifu wa mhasibu wa mishahara, unafuatiliwa hatua kwa hatua. Makala yanadai kwamba maandishi meupe yanafichika kwenye karatasi tu. Kompyuta inayokusudiwa kudanganywa ndiyo inayoyafichua, na msomaji anayeyaona anapata sababu ya kulitilia shaka hata lile lililo kweli. Aidha, yanaonyesha kwamba rangi nyeupe peke yake si ushahidi wa udanganyifu.

1.0 Utangulizi

Kurundika maneno hakukuanzia katika maombi ya kazi. Mitambo ya kwanza ya kutafuta kurasa za mtandao ilitegemea sana kuhesabu maneno, na wenye kurasa waligundua mapema kwamba neno likirudiwa mara nyingi chini ya ukurasa, kwa rangi ileile ya usuli, ukurasa hupanda katika orodha bila msomaji kuona lolote. Kampuni za utafutaji ziliijibu hila hiyo zamani. Google, kwa mfano, inayataja maandishi yaliyofichwa na urundikaji wa maneno miongoni mwa mambo yanayoweza kuufanya ukurasa ushushwe au uondolewe kabisa. Hila iliyochakaa mtandaoni ikahamia kwenye wasifu, mara waajiri walipoanza kupokea maombi kwa mamia na kuyahifadhi katika mifumo inayoruhusu kutafuta kwa neno.

Ni vyema kutenganisha mambo mawili tangu mwanzo. Urundikaji ni kulitaja neno mara nyingi kuliko kazi iliyofanywa inavyolihitaji, au kulitaja pasipo kazi yoyote nyuma yake. Ufichaji ni kuliweka neno mahali ambapo macho hayalioni lakini kompyuta inalisoma. La kwanza linaweza kutokana na ushauri mbaya au woga tu. La pili huwa na kusudi, isipokuwa katika hali chache zinazojadiliwa katika sehemu ya 5.0, na hali hizo ndizo zinazomlazimu mchunguzi asiwe na haraka.

2.0 Kinachosomwa na kompyuta

Mwombaji anayebadili rangi ya maneno kuwa nyeupe anaufikiria wasifu kama karatasi. Kwa kompyuta, wasifu ni orodha ya amri. Ndani ya faili la PDF, kila kipande cha maandishi kinatanguliwa na maelekezo ya rangi, aina ya herufi, ukubwa na mahali pa kuanzia, kisha ndipo maneno yenyewe yanafuata. Kipande kilichofichwa, kikirahisishwa, kinaonekana hivi:

```
BT
1 1 1 rg
/F1 1 Tf
56 40 Td
(SAP SAP SAP IFRS IFRS) Tj
ET
```

Mstari wa `1 1 1 rg` unaagiza rangi nyeupe, yaani nyekundu, kijani na buluu zote kwa kiwango cha juu. Mstari wa `/F1 1 Tf` unachagua herufi za ukubwa wa pointi 1, ilhali wasifu wa kawaida huandikwa kwa pointi 10 hadi 12. Namba 56 na 40 ni mahali: karibu na pembe ya chini kushoto ya ukurasa.

Programu inayochopoa matini kutoka katika faili hili kwa ajili ya hifadhidata ya mwajiri huchukua kilichomo ndani ya mabano ya `Tj`. Rangi haina kazi kwake, kwa kuwa hifadhidata huhifadhi maneno na si sura ya ukurasa. Matokeo yake ni kwamba maneno yaliyoandikwa kwa rangi nyeupe yanatoka upande wa pili yakiwa sawa na mengine yote. Afisa ajira akifungua matini iliyochopolewa badala ya faili la asili, atayakuta yamejipanga mwishoni, meusi kabisa. Hapa ndipo hila inapojipinga yenyewe: ili neno lihesabiwe ni lazima lichopolewe, na likishachopolewa halina tena pa kujificha.

Hali ni hiyohiyo katika faili la Word. Faili la `.docx` ni kifurushi kilichobanwa, na ndani yake `word/document.xml` inabeba maneno pamoja na sifa zake. Rangi nyeupe huandikwa `<w:color w:val="FFFFFF"/>`. Maandishi yaliyofichwa kwa kitufe cha programu yenyewe hubeba `<w:vanish/>`. Na ukubwa wa pointi 1 huandikwa `<w:sz w:val="2"/>`, kwa sababu Word huhesabu kwa nusu pointi. Hata hivyo, kutafuta `FFFFFF` peke yake hakutoshi. Rangi `FEFEFE` haitofautiki na nyeupe kwa macho ya mtu, lakini itaupita utafutaji huo.

3.0 Mfano wa wasifu wa mhasibu wa mishahara

Tuchukulie kwamba taasisi moja isiyo ya kiserikali imetangaza nafasi ya mhasibu wa mishahara. Tangazo linataka uzoefu wa mfumo wa SAP, ujuzi wa viwango vya IFRS, ukokotoaji wa PAYE, na uwezo wa kulinganisha daftari la fedha na taarifa za benki. Mwombaji mmoja ametuma wasifu wa kurasa mbili katika PDF. Jina lake halihitajiki.

Hatua ya kwanza ya uchunguzi haihitaji utaalamu. Mchunguzi anafungua faili na kubonyeza `Ctrl+A`, ili kila kilicho maandishi kiwekewe kivuli. Chini ya ukurasa wa pili, mahali palipoonekana patupu, panatokea utepe mwembamba wa kivuli. Mchunguzi akiunakili na kuubandika katika daftari la kawaida la kompyuta, maneno yanasomeka. Kwa faili moja, njia hii inatosha.

Kwa mamia ya faili inahitajika njia inayojirudia. Wazo lake ni jepesi: kupata matini mbili za ukurasa uleule, moja kama kompyuta inavyoisoma na nyingine kama jicho linavyoiona, kisha kuzilinganisha. Ya kwanza inapatikana kwa kuchopoa. Ya pili inapatikana kwa kuugeuza ukurasa kuwa picha na kuipa picha hiyo programu ya kutambua herufi.

```
pdftotext wasifu.pdf iliyochopolewa.txt
pdftoppm -r 300 -png wasifu.pdf ukurasa
tesseract ukurasa-1.png inayoonekana-1 -l eng+swa
tesseract ukurasa-2.png inayoonekana-2 -l eng+swa
```

Namba 300 ni wingi wa nukta kwa kila inchi. Ikipungua sana, herufi ndogo halali nazo zitapotea na kuleta tofauti ya uongo. Chaguo la `eng+swa` lina umuhimu wake Afrika Mashariki, ambako wasifu mmoja mara nyingi huchanganya Kiingereza cha vyeo na Kiswahili cha majina ya taasisi na mahali.

Katika mfano huu, matini iliyochopolewa kutoka kurasa zote mbili ina maneno 655, na inayoonekana ina maneno 412. Tofauti ni maneno 243. Wingi huo si ushahidi kamili, kwa kuwa programu ya kutambua herufi hukosea: husoma herufi moja kwa nyingine na kuruka maneno ndani ya majedwali. Makosa yake, lakini, hutawanyika. Hupoteza neno hapa na jingine pale. Maneno 243 ya mfano huu yanafuatana bila kukatika mwishoni mwa ukurasa wa pili, na ufuatano huo ndio unaopaswa kupimwa kuliko idadi. Ndani yake SAP imetajwa mara 18, na yaliyobaki ni sehemu kubwa ya tangazo lenyewe, iliyonakiliwa neno kwa neno pamoja na kosa la tahajia lililokuwa katika tangazo. Katika maneno 412 yanayoonekana, SAP haikutajwa hata mara moja.

Jambo la mwisho ndilo zito zaidi katika uchunguzi mzima. Kama SAP ingekuwa imetajwa pia katika maelezo ya kazi iliyofanywa, maandishi meupe yangekuwa upuuzi wa kutia chumvi. Kwa kuwa haikutajwa, maandishi hayo ni dai la ujuzi ambalo mwombaji hakuthubutu kuliweka mbele ya macho ya mtu.

4.0 Uzito wa neno linalorudiwa

Mwombaji huyu aliamini kwamba kulitaja neno mara 18 kutamfikisha juu. Imani hiyo inafaa kupimwa kwa hesabu. Si mifumo yote ya ajira inayopanga waombaji kwa alama. Mingine humwezesha afisa kutafuta neno tu na kupata orodha ya wanaolitaja, na hapo kulitaja mara moja ni sawa na mara 18. Palipo na upangaji, kanuni mojawapo inayojulikana ni BM25, iliyotokana na kazi ya Stephen Robertson na wenzake katika Chuo Kikuu cha City, London, miaka ya 1990. Lucene, maktaba ya programu iliyo nyuma ya mifumo mingi ya utafutaji, inaitumia kama chaguo-msingi. Bila kuhusisha adimu ya neno, sehemu yake inayohusu marudio ni hii:

```
tf * (k1 + 1) / (tf + k1 * (1 - b + b * dl / avgdl))
```

Hapa `tf` ni idadi ya marudio ya neno, `dl` ni urefu wa wasifu, na `avgdl` ni wastani wa urefu wa wasifu zote zilizopokelewa. Thamani za kawaida ni `k1` = 1.2 na `b` = 0.75. Tukiweka urefu kando kwanza, neno lililotajwa mara moja hupata 1.00, mara mbili, 1.38, mara tano, 1.77, mara 18, 2.06. Hata likitajwa mara elfu haliwezi kufika 2.20. Kanuni iliundwa ijae upesi, kama kibaba: kikishajaa, nafaka inayoongezwa inamwagika.

Urefu ukihesabiwa, hasara inajitokeza. Tuchukue wastani wa maneno 420. Neno PAYE, ambalo mwombaji alilitaja mara moja kwa haki katika maelezo ya kazi yake, lilikuwa na uzito wa takribani 1.01 katika wasifu wake wa maneno 412. Baada ya kuongeza maneno 243 ya siri, uzito wa neno hilohilo unashuka hadi 0.81. Maneno ya siri yameurefusha wasifu, na kila ujuzi wa kweli uliotajwa humo, usiorudiwa katika sehemu iliyofichwa, umepungua nguvu. Kinachoongezeka ni alama ya SAP, ambayo mwombaji hawezi kuitetea.

5.0 Nyeupe isiyo na hila

Mchunguzi aliyeandaa programu ya kunasa kila herufi nyeupe atawanasa pia wasio na hatia, na kwa kadiri ya muundo wa wasifu wa siku hizi, huenda wakawa wengi. Violezo vingi vya wasifu huweka jina la mwombaji kwa herufi nyeupe juu ya utepe wa buluu au kijivu. Rangi ya herufi ni nyeupe kweli, lakini jina linasomeka vizuri kabisa. Kwa hiyo rangi ya herufi haina maana mpaka ilinganishwe na rangi ya kilicho nyuma yake katika picha ya ukurasa. Na hapa pana mtego mwingine: programu ya kutambua herufi hushindwa mara kwa mara kusoma herufi nyeupe juu ya utepe mweusi, hivyo ulinganisho wa sehemu ya 3.0 utaripoti kwamba jina la mwombaji limefichwa. Hakuna dawa ya hili isipokuwa mtu kuutazama ukurasa.

Hali ya pili inahusu vyeti. Waombaji wengi hupiga picha vyeti vyao na kuviunganisha na wasifu katika faili moja. Mashine za kunakili na baadhi ya programu za simu huongeza juu ya picha hiyo tabaka la maandishi yasiyoonekana, ili cheti kiweze kutafutwa kwa neno. Ndani ya PDF tabaka hilo huagizwa kwa `3 Tr`, yaani andika bila kuchora. Programu inayonasa `3 Tr` itamtangaza mwombaji kuwa mdanganyifu kwa sababu tu alitumia mashine nzuri. Kipimo cha kutofautisha kipo: maandishi ya tabaka halali yanarudia kile kinachoonekana katika picha, mahali palepale. Maandishi ya hila hayana mwenzake anayeonekana.

Hali ya tatu ni mabaki ya kiolezo. Mtu huchukua wasifu wa rafiki, akabadilisha yanayoonekana, na kuacha chini sanduku la maandishi asilolijua. Mabaki ya aina hii huwa na maelezo ya kazi isiyohusiana na tangazo. Maneno yanayolifuata tangazo la juzi neno kwa neno hayawezi kuwa mabaki ya kiolezo cha mwaka jana.

Kwa sababu hizi, faili lililonaswa linapaswa kupelekwa kwa mtu, lisikataliwe na mfumo peke yake. Nchini Kenya jambo hili lina sura ya kisheria pia: Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kutokuwa chini ya uamuzi unaofanywa na mashine pekee pale unapomwathiri kwa kiasi kikubwa. Kukosa kazi ni athari ya namna hiyo.

6.0 Mbele ya msomaji binadamu

Afisa anayechuja maombi hasomi maneno kama kompyuta inavyoyasoma. Anapokuta neno SAP, jicho lake hutafuta majirani wa neno hilo: ni wapi, mwaka gani, kwa kazi ipi, kwa watumishi wangapi. Neno lisilo na majirani anaruka. Ndiyo maana hata urundikaji wa wazi, wa kuorodhesha ujuzi 40 katika safu moja, haumsaidii mwombaji: unamwachia msomaji kazi ya kutafuta ni upi kati ya ujuzi huo una ushahidi, na msomaji mwenye mafaili 200 mezani haifanyi kazi hiyo.

Maandishi meupe yana madhara ya aina nyingine. Wasifu ni ushahidi wa mtu kujishuhudia mwenyewe. Sehemu kubwa ya yaliyomo haiwezi kuthibitishwa siku ya kuchuja, na msomaji huyakubali kwa muda kwa kuwa hana sababu ya kuyakataa. Akishakuta maneno yaliyofichwa, sababu imepatikana. Tarehe za ajira zilizokubalika asubuhi zinahitaji kupigiwa simu mchana. Katika nafasi ya uhasibu hasara ni kubwa zaidi, kwani kanuni za kimataifa za maadili ya wahasibu zinaweka uadilifu kuwa wa kwanza kati ya misingi mitano, na zinamkataza mhasibu kujihusisha kwa kujua na taarifa zenye maelezo ya kupotosha. Mwombaji amekiuka sharti la kazi ndani ya waraka wa kuiombea kazi hiyo.

Kinachosikitisha katika mfano huu ni kwamba wasifu unaoonekana haukuwa dhaifu. Katika ukurasa wa kwanza, chini ya kazi yake ya mwisho, mwombaji aliandika mstari mmoja tu: alishughulikia mishahara na PAYE. Mstari huo ulihitaji kupanuliwa kwa ukweli uleule, kwa mfano hivi: “Aliandaa mishahara ya watumishi 340 kila mwezi kwa QuickBooks, akakokotoa PAYE na michango ya NSSF, akawasilisha PAYE kabla ya tarehe 7 ya mwezi uliofuata, na kulinganisha daftari la fedha na taarifa za akaunti mbili za benki.” Sentensi hii ina maneno manne ambayo afisa yeyote wa Tanzania angeyatafuta, na kila moja lina majirani. SAP haimo, wala haikupaswa kuwamo. Pengo hilo lingeweza kutajwa waziwazi: kwamba ametumia QuickBooks na hajatumia SAP. Paneli inayojua kazi ya mishahara inafahamu kwamba ukokotoaji ni uleule na kinachobadilika ni programu. Kumfundisha mtu programu ni jambo la wiki chache, kumfundisha PAYE ni refu zaidi.

Mpaka kati ya kuurekebisha wasifu uendane na tangazo na kuurundika nao unaonekana hapo. Kutumia jina lile ambalo mwajiri ametumia kwa kazi ambayo mwombaji ameifanya kweli ni halali na ni busara, hasa pale ambapo tangazo ni la Kiingereza na barua ya uzoefu ni ya Kiswahili: cheo kikiandikwa kwa lugha zote mbili, utafutaji utakipata kwa lugha yoyote. Swali la kupima ni moja. Je, mwombaji angekubali neno hilo lichapwe kwa wino mweusi, kisha aulizwe juu yake katika usaili?

Kwa paneli itakayoamua kumwita mwombaji wa namna hii licha ya yaliyonaswa, utaratibu wa haki ni kumwonyesha matini iliyochopolewa na kumwomba aieleze kabla ya maswali ya kitaalamu. Akisema hakujua, majibu yapo katika faili: maneno ya tangazo la wiki hii hayakuingia yenyewe. Akikiri, paneli inaweza kuendelea na swali la SAP, na kuandika jibu lake katika fomu ya usaili pamoja na idadi ya marudio, ukurasa, na ukubwa wa herufi, ili uamuzi utakaofikiwa uweze kukaguliwa na mtu mwingine.